Maji ya Moto kwa Mama Igoki

Tabby Karwirwa aliolewa Embu akitokea upande wa Meru, na kabla mtoto wake wa kwanza, Kendi, hajaanza shule, watu wa mjini walikuwa wameshamzoea kama Mama Kendi wa nguo za harusi. Nguo za bibi harusi hakuwa nazo. Alikodisha za watoto: magauni meupe ya wasichana wanaotangulia kanisani wakimwaga maua, na suti ndogo za wavulana wanaobeba pete. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Mlango wa mbele ulitazama mafundi wa cherehani, na wa nyuma ulitazama bomba la maji.

Bomba hilo ndilo lililokuwa biashara yenyewe. Gauni la mtoto likishonwa mara moja laweza kuvaliwa mwaka mzima, ilimradi kila Jumatatu lirudi kuwa jeupe. Na mtoto aliyevishwa nyeupe siku ya sherehe hula kwa mdomo na kwa kifua. Magauni yalirudi na mchuzi, soda na majani mabichi, lakini yaliyomsumbua zaidi yalikuwa yale ya keki ya chokoleti na yale ya yai.

Tabby alijifunza kwa kuharibu. Gauni lake la kwanza kabisa lilirudi na kiini cha yai kifuani, naye akalimwagia maji yaliyotoka kuchemka, akidhani kwamba uchafu sugu hutaka moto mkali. Doa lilishikana na kitambaa likawa gumu kama gamba. Alikaa akilitazama mpaka akaona upumbavu wake. Yai bichi ni majimaji. Ukilitia kwenye maji ya moto linaganda, na likishaganda hulirudishi kuwa majimaji hata ufanye nini. Kumbe alikuwa amelipika yai ndani ya nyuzi za nguo.

Tangu siku hiyo yai alilitoa kwa maji baridi. Alikwangua lililokauka kwa mgongo wa kisu, akageuza nguo ndani nje na kuiweka chini ya bomba ili maji yalisukume doa litoke lilikoingilia, kisha akailoweka kwenye beseni la maji baridi na sabuni mpaka yai lilegee lenyewe. Maji ya uvuguvugu yalikuja mwisho, yai likiwa limeshatoka. Chokoleti ilikuwa na tabia zake. Kwa kuwa ina maziwa aliianza pia kwa baridi, lakini ina mafuta mengi, na mafuta hayaondoki kwa baridi peke yake, kwa hiyo baada ya kuikwangua na kuisuuza aliipaka sabuni ya kipande na kuifikicha kwa maji ya uvuguvugu. Ule wekundu wa kahawia uliobaki aliukamulia ndimu na kuuanika juani.

Wakati huo alikuwa na mwenzake, Veronicah, Mama Igoki, mzaliwa wa Runyenjes. Veronicah alikuwa fundi ambaye hata wanaume wa cherehani walimheshimu. Yeye alishona mbele, Tabby akafua nyuma. Hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake. Veronicah hakupenda hata kulowesha mikono; alisema maji yanaharibu ncha za vidole na fundi anaona kwa vidole. Walikula sahani moja miaka kadhaa, watoto wao wakalala kitanda kimoja mchana wakiwa wachanga.

Kisha Veronicah akahama. Alifungua kibanda chake mtaa wa pili, naye akakodisha nguo za watoto. Tabby aliumia kidogo lakini hakulaumu. Mji ni wa wote. Walisalimiana kwa ukunjufu kila walipokutana.

Miezi michache baadaye maneno yakaanza. Mama mmoja wa kwaya alirudisha magauni kabla ya harusi, ameyatia kwenye mfuko wa plastiki na kuushika mbali na mwili wake. Hakusema sababu. Wa pili alisema bibi harusi amebadilisha rangi. Mwalimu wa shule ya Jumapili, ambaye alikuwa mteja tangu mwanzo, alikuja kibandani akaomba kuombea vitambaa, na Tabby akasimama kando huku mikono ikiwekwa juu ya magauni yake kama juu ya mgonjwa. Siku Kendi aliporudi kutoka shuleni akilia kwamba wenzake hawataki kukaa naye dawati moja, ndipo Tabby alipopata habari kamili kutoka kinywani mwa mtoto wake. Walisema nguo za Mama Kendi zinatoka mochari. Kwamba ananunua magauni waliyovishwa watoto waliokufa, anayafua, na kuyavisha watoto wazima.

Msimu wa Agosti ulipita, hakuna hata gauni moja lililotoka. Yalining'inia kibandani meupe, yakimtazama.

Aliyemfungulia siri alikuwa Halimo, mama wa Kisomali kutoka mjini Meru aliyezunguka akiuza lesi na vitambaa vya wavu kwa mafundi. Halimo alisita kabla ya kusema. Alieleza kwamba Veronicah alimshauri asimuuzie Mama Kendi vitambaa tena, asije naye akachafuliwa jina, na alipomuuliza ni nani aliyeziona hizo nguo za maiti, Veronicah alicheka na kusema ukitaka mti uanguke si lazima uukate, waweza kuwaambia watu kwamba una nyoka.

Tabby hakulia. Alimshukuru Halimo, akamnunulia chai, na jioni akamwambia mumewe, Mbae, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa. Mbae alikuwa mtu wa amani. Alimshauri amwachie Mungu. Tabby alimjibu kwamba Mungu ana watu wengi wa kushughulikia, na kwa huyu mmoja yeye mwenyewe atamsaidia kazi.

Hakumwendea Veronicah. Hakumwambia mtu mwingine. Aliendelea kumsalimia, tena kwa sauti tamu kuliko zamani, akimuulizia Igoki na mifugo ya nyumbani kwao. Usoni alikuwa dada, moyoni alikuwa amewasha jiko na kulipepea pole pole. Alifunga kibanda siku nyingi, akawa anafulia familia za maofisa kwenye nyumba za serikali, na kila aliposuuza alifikiria jinsi ya kumwona Veronicah amesimama mbele ya watu bila pa kujificha. Mwaka mzima na zaidi ulipita hivyo.

Nafasi ilikuja Alhamisi moja ya Desemba.

Kulikuwa na harusi kubwa Runyenjes, ya binti aliyeitwa Peninah, na nguo za watoto wote zilikuwa za Veronicah. Igoki, binti yake, alikuwa mmoja wa wasichana wanne wa maua. Alhamisi hiyo, siku mbili kabla ya harusi, Veronicah alikuwa amepeleka magauni nyumbani kwa kina Peninah ili watoto wayajaribu, siku hiyo hiyo ambayo wanawake walikuwa wakichanganya unga wa keki. Mjomba fulani wa Nairobi alikuwa ameleta chokoleti. Watoto walikataa kuvua magauni, wakakimbizana jikoni, na sufuria ya mayai yaliyopigwa ikapinduka mezani. Magauni mawili yalilowa yai. Moja lilipakwa chokoleti tupu. La Igoki lilipata vyote viwili.

Alasiri Veronicah alitokea kwenye mlango wa nyuma wa Tabby, ule wa bombani, na furushi kwapani. Hakujua kwamba Tabby anajua. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, mahali alipozoea kukaa zamani, akaeleza yaliyompata. Alikuwa amejaribu kupangusa kwa kitambaa kikavu na kuogopa kuendelea, maana harusi ilikuwa Jumamosi na kitambaa kilikuwa popleni nzuri isiyopatikana tena mjini.

"Mama Kendi, wewe ndiye unajua hii kazi," alisema. "Niambie tu, nitafua mwenyewe."

Tabby alifungua furushi. Yai lilikuwa bado bichi, limeanza tu kukauka kingoni. Kwa maji baridi na subira lingekuwa limetoka kabla jua halijazama. Alipitisha kidole juu ya doa na kuhisi jinsi lilivyo laini bado.

Alianza na chokoleti, na juu ya chokoleti alisema kweli yote, ili uongo upate pa kukaa. Alimweleza akwangue, asuuze kwa maji baridi kutoka nyuma ya kitambaa, apake sabuni, afikiche kwa uvuguvugu, amalizie kwa ndimu. Alisema pole pole, kama mtu anayemfundisha ndugu yake.

"Na yai?" Veronicah akauliza.

"Yai ni bishi," Tabby akasema. "Yai linataka maji yanayochemka. Weka sufuria jikoni, yakitokota vizuri tia gauni na sabuni, uache lichemke. Likikauka ulipige pasi moto sana."

Veronicah alimshika mkono kwa mikono yake miwili na kumshukuru. Tabby aliitazama ile mikono mpaka ilipoachia.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, Tabby alipita sokoni akanunua mapaipai mabichi, yale ya kijani magumu ambayo wapishi huyatia kwenye nyama ya mbuzi mzee ili ilainike. Aliyatia kwenye kikapu, akaenda kukaa bombani kusubiri.

Veronicah alikuja akitembea kama mtu aliyefiwa. Alianza na lile gauni la chokoleti, jeupe kabisa, ambalo ndilo lililompa moyo wa kuyatia mengine jikoni. Kisha akatoa yale matatu. Yai lilikuwa limegandana na popleni, la manjano, limekakamaa, na lilinuka kama sufuria iliyochemshiwa mayai. La Igoki ndilo alilokuwa ameanza kulipiga pasi. Doa lake lilikuwa limeungua kidogo pembeni.

"Nilifanya ulivyosema," alisema.

"Najua."

Veronicah alimtazama. Alikuwa mtu mwerevu, na akili yake haikuhitaji muda mrefu. "Ulijua litaharibika."

"Nilijua. Kama wewe ulivyojua sijawahi kukanyaga mochari."

Bomba lilikuwa linadondoka. Veronicah hakukana, na hilo lilimshangaza Tabby, kwa sababu mwaka mzima alikuwa amejiandaa kujibu kukana kwake. Alifunga tu furushi upya, akasema harusi ni kesho na watoto hawana kosa.

"Kendi naye alikuwa na kosa gani?" Tabby akauliza. Halafu akamwambia alichokuwa amekitunza. Yai lililopikwa linaweza bado kutolewa, si kwa sabuni wala kwa maji, kuna kitu kingine, na ni yeye anayekijua. Atakitumia leo, nyumbani kwa kina Peninah. Lakini kabla hajalowesha kidole, Veronicah atasimama mbele ya wanawake wote walioko pale na kusema ni nani aliyeanzisha yale maneno, na kwa nini.

Walisafiri hadi Runyenjes, furushi likiwa mapajani mwa mmoja na kikapu mapajani mwa mwingine.

Uani kwa kina Peninah wanawake walikuwa wameketi wakimenya viazi na kuchagua mchele. Tabby alipoingia, wawili watatu walivuta watoto wao karibu. Aliona. Alienda kusimama chini ya ukingo wa paa, akakunja mikono na kusubiri.

Veronicah alisimama katikati. Aliongea kwa Kiembu, sauti ikiwa ndogo mwanzoni, na mtu mmoja akamwambia aongeze. Akasema tena. Alisema nguo za Mama Kendi hazikutoka kwa maiti yeyote, kwamba maneno hayo aliyatunga yeye, kwa sababu aliwataka wateja wa Mama Kendi na hakuona njia nyingine ya kuwapata. Bibi mmoja mzee, nyanya yake Peninah, aliuliza bila kuacha kumenya kama basi yeye hakuwahi kuona chochote. Veronicah akasema hakuona chochote.

Tabby alikuwa amelisubiri jambo hilo kama mkulima anavyosubiri mvua. Alitegemea wanawake wageuke, wamwambie Veronicah maneno ya kumchoma, wamwombe yeye msamaha mmoja mmoja. Wengine waliinamisha vichwa, ni kweli, na yule mama wa kwaya aliyerudisha magauni kwenye mfuko alikuwa pale, akasogeza kigoda ili Tabby akae. Lakini mama yake Peninah alikuwa ameshafungua furushi na kuliona doa. Aliuliza kama sasa nguo zitatoka, na hapo wote wakageukia nguo.

Tabby akafanya kazi. Aliloweka magauni kwenye maji baridi kwanza. Alichana maganda ya paipai kwa kisu ili utomvu mweupe utoke, akaparua nyama yake ya kijani, akaiponda kwa maji kidogo na kuichuja. Alijaribu tone moja kwenye upindo wa ndani, akaangalia kama popleni inabadilika rangi, haikubadilika. Kisha akayalowesha madoa kwa ile juisi na kuyaacha kivulini, akiyanyunyiza kila yalipotaka kukauka. Aliwaeleza wanawake kwamba kitu kile kile kinacholainisha nyama ngumu kinalitafuna yai lililoiva, kidogo kidogo, na kwamba hakina haraka. Mikono ilimwasha kwa utomvu. Kila baada ya muda alisugua polepole kwa mswaki laini, akasuuza kwa baridi, akaanza upya. Alasiri yai lilianza kumeguka vipande vidogo, kama unga. Jua lilipokaribia kuzama magauni mawili yalikuwa meupe, yamebaki na kivuli ambacho ungekiona tu kama umeambiwa kilipo.

La Igoki alilishughulikia mwenyewe pembeni, kwenye beseni lake peke yake. Alilinyunyiza, akalisugua, akalisuuza kama mengine. Chokoleti ilipungua. Yai halikutoka. Alilileta na kusema pasi ndiyo iliyolimaliza, limeungua ndani ya uzi, hakuna la kufanya. Wote waliamini, kwa sababu lilikuwa kweli limepigwa pasi.

Ukweli ni kwamba kwenye beseni lile hakukuwa na paipai. Lilikuwa na maji matupu. Jambo hilo alilisema mwenyewe miaka ya baadaye kwa Halimo, wakinywa chai, na hakulisema kwa haya. Alisema Veronicah alikuwa ameshalipia mdomo wake, lakini machozi ya Kendi yalikuwa bado hayajalipiwa, na mtoto hulipiwa kwa mtoto. Halimo alimwambia hayo ni maneno mabaya. Tabby akakubali kwamba ni mabaya.

Veronicah alilichukua gauni la binti yake. Huenda alishuku, huenda hakushuku. Alilala Runyenjes kwa mama yake, ambako kulikuwa na cherehani ya zamani ya mkono.

Jumamosi Tabby alienda harusini, ingawa hakuwa mwalikwa. Alivaa gauni lake la kijani na kusimama karibu na mlango wa kanisa, mahali ambapo angeuona msafara vizuri. Alitaka kumwona Igoki akipita na lile doa la manjano kifuani, na mama yake akiona jinsi macho ya watu yanavyofuata.

Wasichana waliingia wawili wawili. Igoki alikuwa mbele. Kutoka begani hadi kiunoni, kupita kifuani, alikuwa na utepe mpana wa zambarau, umeshonwa kwa mikunjo midogo midogo, na mahali doa lilipokuwa kulikuwa na waridi la kitambaa kile kile, kubwa kama ngumi ya mtoto. Wengine watatu walionekana kama watumishi wake. Kanisa lote liligeuza shingo. Mama mmoja nyuma ya Tabby aliuliza kwa kunong'ona ni fundi gani aliyeshona lile. Igoki alimwaga maua kwa madaha, kidevu juu.

Tabby aliondoka kabla ya keki kukatwa. Njiani hakuhisi ushindi wala majuto. Mbae alipomuuliza harusi ilikuwaje, alisema ilikuwa ya watu wengi.

Biashara yake ilirudi, si yote. Mama wa kwaya alikuja wa kwanza, akachukua magauni sita na kulipa bila kupatana bei. Mwalimu wa shule ya Jumapili alimtuma mtu. Dawati la Kendi likapata mtu wa pili. Lakini palikuwa na akina mama ambao, kabla ya kuchukua gauni, waliinua kola na kuinusa kwa siri wakidhani hawaonekani. Neno lililosemwa sokoni kwa miezi halifutiki kwa mara moja uani, na Tabby, ambaye alikuwa anajua jinsi ya kutoa kila kitu kwenye nguo, hili alilijua pia.

Na kuanzia Januari maharusi wakaanza kuuliza utepe. Walitaka gauni kama lile la Runyenjes, lenye waridi kifuani. Veronicah alishona hadi akaajiri msichana wa kumsaidia. Tabby alikataa msimu mzima. Aliwaambia wateja kwamba utepe unaficha uchafu, na kwamba nguo safi haina haja ya kufunikwa. Walimsikiliza kwa heshima, kisha wakavuka kwenda mtaa wa pili.

Kabla ya Pasaka alimwambia Halimo amletee utepe wa zambarau. Halimo aliuweka mezani. Tabby aliukata, akaukunja kama alivyokumbuka, mikunjo ikatoka mikubwa, akafumua, akaanza tena. Wakati huo Veronicah alikuwa akipita njia ya bombani na ndoo yake. Wanawake hao wawili walitazamana kupitia mlango wa nyuma. Veronicah alipunguza mwendo, kama mtu anayetaka kuonyesha jinsi mkunjo unavyoshikwa.

Tabby aliinuka na kuufunga mlango.